Mwongozo kamili: kutoka silinda moja ya udongo hadi e, n, S na uzito wa kila mita ya ujazo

Mpe mwanafunzi wa ujenzi fomula ya kiwango cha kushiba maji, yaani sehemu ya matundu kati ya chembe za udongo iliyojaa maji, na namba mbili za kuingiza, atakupa jibu bila kutoa jasho. Mpe karatasi ya maabara yenye vipimo vya silinda, vya kikopo na vya mizani ambavyo havijapangwa, hapo ndipo anakuletea jibu la asilimia 112. Hakuna udongo unaoshiba maji kwa asilimia 112. Hata hivyo, jibu hilo lina nafuu yake, maana linajitangaza lenyewe kuwa limekosewa. La hatari ni lile la asilimia 70 linaloonekana zuri na limekosewa vilevile, kwa kuwa hakuna anayelitilia shaka.

Karibu makosa yote ninayoyaona yana chanzo kimoja: mtu anakimbilia fomula kabla hajajua ndani ya silinda kuna chembe kiasi gani, maji kiasi gani na hewa kiasi gani. Kwa hiyo hapa tutafanya kinyume. Tutaifuata sampuli moja hatua kwa hatua, na fomula zitakuja mwishoni kama njia ya kuhakiki tu.

Sampuli yetu ni udongo wa mfinyanzi wenye mchanga, uliotokana na kuoza kwa granaiti, miamba ileile inayoonekana juu ya vilima vya Mwanza. Chukulia kiwanja kiko Luchelele upande wa ziwa, shimo la majaribio lina kina cha mita 0.8, na usawa wa maji ya ardhini bado uko chini zaidi. Namba ni za mfano, ila ukubwa wake ni wa kawaida kwa udongo wa aina hii.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Silinda ya chuma yenye ukingo mkali upande mmoja. Ya kawaida ina kipenyo cha ndani cha milimita 100 na kimo cha milimita 130.
- Kofia ya chuma ya kukaa juu ya silinda, na nyundo nzito ya kuipigilia.
- Kisu na rula ya chuma iliyonyooka kwa kusawazisha udongo kwenye ncha za silinda.
- Kalipa ya kupimia kipenyo. Futikamba haitoshi, na sababu utaiona kwenye hatua ya kwanza.
- Mizani mbili: moja ya kubeba kilo kadhaa na kusoma hadi gramu 1, nyingine ndogo ya kusoma hadi gramu 0.1.
- Vikopo viwili au zaidi vyenye mifuniko, kila kimoja na namba yake.
- Oveni inayoshikilia nyuzi 105 hadi 110 za Selsiasi.
- Uzito linganishi wa chembe za udongo huo, yaani Gs. Hupimwa maabara kwa piknomita. Kwa sampuli yetu ni 2.67, maana yake chembe ngumu zenyewe, bila matundu, ni nzito mara 2.67 kuliko maji ya ujazo uleule.

Kama huna Gs iliyopimwa, usisimame. Weka thamani inayokaribia, kisha uandike waziwazi kwamba ni makadirio. Udongo mwingi wa mchanga wenye kwatzi hukaa karibu na 2.65, na wa mfinyanzi hupanda kidogo hadi karibu 2.70 au 2.75. Mwishoni nitaonyesha makadirio hayo yanaharibu nini.

## Hatua ya 1: Jua ujazo wa silinda yako, usiuamini wa karatasi

Silinda zilizotumika miaka mingi huliwa ukingo, nyingine hupinda kidogo kwa kupigwa nyundo. Pima kipenyo cha ndani sehemu tatu tofauti na uchukue wastani. Pima na kimo vivyo hivyo.

Yetu imetoka na kipenyo cha sentimita 10.0 na kimo cha sentimita 13.0:

```
V = (3.1416 / 4) x 10.0 x 10.0 x 13.0 = 1021 cm3
```

Kipenyo kimepigwa kwa chenyewe, kwa hiyo kosa lake linahesabiwa mara mbili. Ukisoma milimita 101 mahali pa 100, ujazo unaruka hadi 1041.5. Sentimita za ujazo 20.5 zilizoongezeka hazina chembe wala maji, kwa hiyo hesabu yako itazihesabu zote kuwa hewa. Kwenye sampuli yetu kosa hilo la milimita moja linashusha kiwango cha kushiba kutoka asilimia 80 hadi 76. Ndiyo maana nimesisitiza kalipa.

Pima pia silinda tupu kwenye mizani: gramu 1,060.

## Hatua ya 2: Ingiza silinda bila kuubana udongo

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na sawazisha sakafu ya shimo. Simamisha silinda ukingo mkali ukiwa chini, weka kofia, kisha pigilia wima. Acha kupiga pale udongo unapojaa hadi juu ya ncha na kuingia kidogo ndani ya kofia. Ukiendelea kupiga baada ya hapo unaubana udongo, na ulichonacho si udongo wa kiwanjani tena bali ni udongo ulioshindiliwa na nyundo yako.

Chimba kando ya silinda na uitoe pamoja na udongo wa ziada pande zote mbili. Usiivute juu kwa nguvu, maana sehemu ya chini itabaki shimoni. Kata ziada kidogokidogo, malizia na rula ya chuma hadi udongo uwe sawa kabisa na ncha za silinda.

Angalia mambo mawili. Kwanza, jiwe lililojitokeza kwenye ncha: ukiling'oa linaacha shimo, ukiliacha linazidi ukingo. Kama ni kubwa kuliko ncha ya kidole, tupa sampuli hiyo na uchukue nyingine sentimita chache pembeni. Pili, nyufa. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka hupasuka, na ufa ulioingia ndani ya silinda utahesabiwa kuwa matundu ya udongo. Hapo jibu linakuwa la ufa zaidi kuliko la udongo.

Pima palepale, au funga silinda kwa mfuko wa plastiki hadi ufike kwenye mizani. Jua la Mwanza la saa saba mchana halisubiri mtu amalize chai.

Silinda na udongo mbichi: gramu 2,938. Ondoa gramu 1,060 za silinda, udongo mbichi ni gramu 1,878.

Utajua umefanikiwa iwapo silinda mbili zilizochukuliwa karibukaribu, kwenye udongo uleule, zinakupa tungamo zinazokaribiana. Zikiachana kwa gramu mia, chukua ya tatu kabla ya kurudi maabara.

## Hatua ya 3: Pima unyevu, na ugawe kwa kilicho kikavu

Toa udongo kutoka katikati ya silinda hiyohiyo, si kutoka kwenye rundo la pembeni. Weka kwenye kikopo, funika, pima. Kisha fungua mfuniko, weka kwenye oveni usiku kucha. Asubuhi funika, acha kipoe kikiwa kimefunikwa, pima tena. Ukipima kikiwa bado cha moto, hewa inayopanda kutoka kwenye kikopo inayumbisha mizani.

Udongo umekauka pale unapourudisha kwenye oveni saa moja au mbili nyingine na tungamo haibadiliki.

| Kipimo | Gramu |
|---|---|
| Kikopo kitupu | 24.3 |
| Kikopo na udongo mbichi | 142.5 |
| Kikopo na udongo mkavu | 119.7 |

Maji yaliyotoka ni 142.5 − 119.7 = gramu 22.8. Udongo mkavu ni 119.7 − 24.3 = gramu 95.4.

```
w = 22.8 / 95.4 = 0.239, yaani 23.9%
```

Hapa ndipo lile kosa lisilojitangaza linapoingia. Wengi hugawa maji kwa udongo mbichi, gramu 118.2, wanapata asilimia 19.3, kisha wanaendelea na hesabu. Nimeifuata njia hiyo hadi mwisho ili tuone inafika wapi: uwiano wa matundu kwa chembe unatoka 0.73 na kushiba asilimia 70. Namba zote mbili zinaonekana za kawaida kabisa, na zote mbili si za udongo huu.

Tunagawa kwa kikavu kwa sababu tungamo ya chembe haibadiliki. Mvua ikinyesha au jua likiwaka, gramu 95.4 za chembe zitabaki 95.4. Ukigawa kwa udongo mbichi, maji yanapoongezeka juu ya mstari yanaongezeka na chini ya mstari, na huwezi tena kulinganisha kipimo cha masika na cha kiangazi kwa haki.

## Hatua ya 4: Chora sanduku, jaza upande wa tungamo

Chora mstatili, ugawe vyumba vitatu: hewa juu, maji katikati, chembe chini. Kulia andika tungamo, kushoto ujazo. Ni mchoro wa dakika moja na wengi huuruka kwa kuona ni wa kitoto. Walioruka ndio huishia kuchanganya ujazo wa chembe na ujazo wa udongo wote.

Tuna gramu 1,878 za udongo mbichi ndani ya silinda. Ni ngapi kati ya hizo ni chembe? Kikopo kimetuonyesha kwamba katika kila gramu 118.2 za udongo mbichi, gramu 95.4 ni kavu. Basi:

```
Chembe = 1878 x (95.4 / 118.2) = 1515.7 g
Maji   = 1878 - 1515.7         = 362.3 g
Hewa   = 0 g
```

Napendelea njia hii ya uwiano wa moja kwa moja kuliko fomula ya kugawa kwa 1 + w, kwa sababu hata aliyekosea w kwenye hatua ya 3 atapata tungamo sahihi hapa. Kisha zifanye zote mbili: 1878 ÷ 1.239 nayo inatoa 1515.7. Zisipokubaliana, rudi kwenye kikopo.

## Hatua ya 5: Jaza upande wa ujazo

Gramu moja ya maji ni sentimita ya ujazo moja, kwa hiyo maji yanachukua 362.3. Chembe ni nzito mara 2.67 kuliko maji, basi ujazo wake ni tungamo kugawa kwa 2.67. Kinachobaki baada ya chembe ni matundu, na sehemu ya matundu isiyo na maji ni hewa.

```
Chembe  Vs = 1515.7 / 2.67  = 567.7 cm3
Matundu Vv = 1021 - 567.7   = 453.3 cm3
Maji    Vw                  = 362.3 cm3
Hewa    Va = 453.3 - 362.3  = 91.0 cm3
```

Angalia hewa ilivyopatikana. Hatukuipima popote. Ni mabaki ya kutoa kila kitu kingine kutoka kwenye ujazo wa silinda, na kosa lolote la kipenyo, la mizani au la Gs linaishia hapo. Kwa hiyo chumba cha hewa ndicho kipimo cha afya ya hesabu nzima. Hewa ikitoka hasi, usiandike sifuri ukaendelea. Kuna namba iliyokosewa juu.

Sanduku lililokamilika linasomeka hivi:

| | Ujazo (cm³) | Tungamo (g) |
|---|---|---|
| Hewa | 91.0 | 0 |
| Maji | 362.3 | 362.3 |
| Chembe | 567.7 | 1,515.7 |
| Jumla | 1,021.0 | 1,878.0 |

Ukifika hapa kazi ngumu imekwisha. Kilichobaki ni kugawa namba zilizo mezani.

## Hatua ya 6: Uwiano tatu, kila mmoja na kigawanyo chake

Uwiano wa matundu, e, ni matundu kugawa kwa chembe:

```
e = 453.3 / 567.7 = 0.80
```

Sehemu ya matundu, n, ni matundu kugawa kwa udongo wote:

```
n = 453.3 / 1021 = 0.444, yaani 44.4%
```

Kiwango cha kushiba, S, ni maji kugawa kwa matundu:

```
S = 362.3 / 453.3 = 0.80, yaani 80%
```

Kwa bahati ya mfano huu e na S zimetoka sawa kwa tarakimu. Usidhani kuna uhusiano: e ni namba tupu na huandikwa 0.80, S huandikwa kwa asilimia.

Wanafunzi huuliza kwa nini tuwe na e na n wakati zote zinazungumzia matundu. Jibu liko kwenye kigawanyo. Udongo ukibanwa na nyumba, matundu yanapungua na ujazo wote unapungua pamoja nayo. Kwenye n, juu na chini ya mstari vyote vinahama. Kwenye e kinahama cha juu tu, kwa maana chembe zenyewe hazibanwi kwa mizigo ya majengo yetu. Hiyo inafanya e kuwa rahisi pale unapotaka kujua udongo utatitia kiasi gani. Udongo wetu ukishuka kutoka e ya 0.80 hadi 0.70, badiliko la 0.10 linagawanywa kwa 1 + 0.80. Kila mita moja ya unene inapoteza mita 0.056, karibu sentimita 5 na nusu. Kwa n unaweza kufika hapo pia, ila hesabu si nyepesi hivyo.

Sehemu ya matundu ina faida yake mahali pengine, kwa mfano unapotaka kujua ndani ya mita moja ya ujazo kuna nafasi ya lita ngapi za maji. Udongo wetu una nafasi ya lita 444.

Mipaka ya kukumbuka: n haiwezi kufika asilimia 100, na S haiwezi kuipita. Lakini e inaweza kuzidi 1 bila kosa lolote. Mfinyanzi laini wa kando ya ziwa unaweza kuwa na matundu mengi kuliko chembe. Nimeona watu wakifuta jibu la 1.2 lililo sahihi kwa kudhani uwiano lazima uwe chini ya moja.

## Hatua ya 7: Geuza kuwa uzito

Mizani imetupa gramu, yaani tungamo. Mhandisi wa msingi anahitaji uzito, kwa kilonyutoni kwa kila mita ya ujazo. Ukiwa na gramu kwa sentimita ya ujazo, zidisha kwa 9.81 na umefika. Ukisahau 9.81 utaandika kwamba udongo una uzito wa 1.84, ilhali hata maji peke yake yana 9.81.

Uzito wa udongo jinsi ulivyo shimoni:

```
1878 / 1021 x 9.81 = 18.04 kN/m3
```

Uzito mkavu, yaani chembe peke yake ndani ya ujazo uleule:

```
1515.7 / 1021 x 9.81 = 14.56 kN/m3
```

Uzito mkavu hauna maana kwamba udongo umekaushwa. Unakwambia chembe zimepangwa kwa msongamano gani, ndiyo sababu wasimamizi wa barabara hutumia namba hiyo kukagua ushindiliaji. Uzito mbichi unaweza kudanganya: gari la maji likipita juu ya kifusi, unapanda bila ushindiliaji kuongezeka.

Uzito wa udongo ulioshiba. Hapa tunafukuza hewa yote na kujaza maji mahali pake, kwa hiyo maji yanakuwa sawa na matundu yote, gramu 453.3:

```
(1515.7 + 453.3) / 1021 x 9.81 = 18.92 kN/m3
```

Na uzito ukiwa umezama chini ya usawa wa maji, baada ya maji kuubeba:

```
18.92 - 9.81 = 9.11 kN/m3
```

Kosa la hatua hii ni kutoa 9.81 kutoka kwenye 18.04. Udongo uliozama hauna tena hewa iliyokuwemo, kwa hiyo lazima kwanza uushibishe ndipo utoe.

Panga majibu kuanzia dogo hadi kubwa: 9.11, 14.56, 18.04, 18.92. Uliozama, mkavu, wa shimoni, ulioshiba. Mpangilio huo haugeuki katika udongo wa kawaida. Ukipata uzito wa shimoni unaozidi wa ulioshiba, ni sawa na kusema S imezidi asilimia 100.

## Hatua ya 8: Hakiki kwa fomula

Sasa fomula ziingie. Ya kwanza inaunganisha vitu vinne ulivyovipata kwa njia tofauti:

```
S x e = w x Gs
0.7993 x 0.7985 = 0.638
0.239  x 2.67   = 0.638
```

Tumia tarakimu nne kwa S na e unapohakiki, la sivyo ukadiriaji utakuletea tofauti ndogo za kukusumbua bure.

Ya pili ni `n = e / (1 + e)`: 0.7985 ÷ 1.7985 = 0.444. Ya tatu ni uzito mkavu kuwa sawa na uzito wa shimoni kugawa kwa 1 + w: 18.04 ÷ 1.239 = 14.56.

Zikikubali zote, ujue umegawa na kuzidisha vizuri. Hazikuhakikishii kwamba vipimo vyenyewe ni sahihi. Aliyegawa maji kwa udongo mbichi, akaendelea na w hiyohiyo hadi mwisho, naye fomula hizi zote zitamkubalia. Kwa kosa hilo kinga yako ni ule ulinganisho wa hatua ya 4.

S ikizidi 100, tafuta kwa mpangilio huu. Anza na kikopo: je, ulitoa tungamo yake kwenye vipimo vyote viwili, na namba ya kikopo ni yenyewe? Fuata na silinda: je, udongo ulizidi ukingo, au ujazo umeandikwa mdogo? Mwisho Gs. Asilimia 101 au 102 kwa udongo uliotoka chini ya usawa wa maji ni kelele ya vipimo tu, na unaweza kuripoti kwamba umeshiba. Asilimia 112 si kelele.

## Hatua ya 9: Uliza swali ambalo kiwanja kinauliza

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango kisichowahi kurekodiwa kabla, na viwanja vingi vya ufukweni vikaingia maji. Basi swali la kiwanja chetu ni hili: maji yakipanda hadi usawa wa ardhi, udongo huu unabadilikaje?

Kwanza unameza maji. Hewa ni 91.0 kati ya 1,021, yaani asilimia 8.9 ya ujazo. Kila mita ya ujazo itapokea takriban lita 89, na unyevu utapanda kutoka asilimia 23.9 hadi 29.9 (gawa 453.3 kwa 1515.7). Uzito wake unaongezeka kidogo tu, kutoka 18.04 hadi 18.92.

Jambo kubwa liko kwingine. Chukua kina cha mita 1.5 na uchukulie udongo ni uleule hadi hapo. Maji yakiwa chini mbali, mkandamizo unaobebwa na chembe kutokana na udongo wa juu ni 18.04 × 1.5 = kilopaskali 27.1. Maji yakifika usawa wa ardhi unakuwa 9.11 × 1.5 = kilopaskali 13.7. Umekatika nusu, na nguvu ya udongo wenye mchanga inategemea mkandamizo huo huo. Hata hesabu hii ni ya upole, kwa sababu udongo wenye hewa kidogo hushikana pia kwa mnyonyo wa maji kati ya chembe, na mnyonyo huo nao unakwisha udongo ukishiba.

Kwa hiyo msingi uliohesabiwa kwa uzito wa 18.04 peke yake, kwa kuwa shimo lilichimbwa Agosti likiwa kavu, umehesabiwa kwa hali nzuri tu. Tangi la maji taka lililozikwa hapo lina tatizo la pili: likinyonywa likawa tupu wakati maji yako juu, linasukumwa kuelea, na udongo ulio juu yake unalizuia kwa 9.11, si kwa 18.04.

## Gs ya kukisia inaharibu kiasi gani

Chukua sampuli ileile, ubadilishe Gs tu:

| Gs | e | S |
|---|---|---|
| 2.60 | 0.75 | 83% |
| 2.67 | 0.80 | 80% |
| 2.75 | 0.85 | 77% |

Uzito wa shimoni na uzito mkavu havikuguswa, kwa sababu havihitaji Gs kabisa. Kwa hiyo kama kazi yako ni kukagua ushindiliaji wa tuta, Gs ya kukisia haikudhuru. Kama unahesabu udongo utatitia kiasi gani, lipia kipimo cha piknomita.

Kuna udongo wa aina mbili ambao usiukisie hata kidogo. Moramu yenye chuma kingi inaweza kuwa na Gs inayozidi 2.8. Upande wa pili kuna matope meusi ya kwenye mafunjo, yaliyojaa mimea iliyooza, ambayo Gs yake huwa chini sana ya 2.6. Matope hayo yana tatizo jingine pia: oveni ya nyuzi 105 inaweza kuunguza sehemu ya mimea, na kilichoungua kitahesabiwa kuwa maji. Yakaushe kwa joto la chini, karibu nyuzi 60, kwa muda mrefu zaidi, na uandike kwenye ripoti joto ulilotumia.